Jina la pakiti ya chai kutoka Tukuyu: yaliyokataliwa na lililobaki

Kisa chenyewe kiko hivi. Mama mmoja wa Tukuyu, mkulima wa chai wa siku nyingi, ameungana na mwanae anayefanya kazi Dar, wanataka kununua chai nyeusi iliyoshatoka kiwandani halafu waipakie wenyewe, pakiti za gramu 50 na za gramu 250, waanze na Mbeya mjini kisha Dodoma na Dar. Chai nzuri wanayo, mashine ya kupakia ya mtumba wameshaipata, kilichobaki ni kuchapisha pakiti. Jina pia walikuja nalo, "Chai Asili ya Rungwe", na kijana akaniambia kabisa kwamba jina lishalindwa maana wamelisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na cheti wanacho.

Cheti nilikiona. Kilikuwa cha jina la biashara, na hapa ndo wengi wanapoachwa, kwa hiyo niseme vizuri. BRELA wanasajili vitu tofauti kwenye mfumo uleule wa mtandaoni wa ORS, kwa akaunti ileile, na ukishalipa unapata karatasi yenye nembo ileile. Jina la biashara liko chini ya Sura 213 ya sheria, kazi yake ni kueleza nani yuko nyuma ya biashara, ukapate leseni, ukafungue akaunti benki kwa jina hilo. Alama ya biashara iko chini ya Sura 326, na hiyo ndo inayomzuia mwingine asibandike jina lako kwenye pakiti yake ya chai. Unaweza kuwa na cheti cha kwanza miaka kumi, mtu akaja akasajili neno lilelile kama alama kwenye bidhaa za chai, na wewe ukabaki unaanza kutafuta wakili. Hata kampuni iliyosajiliwa kwa jina hilo haitoshi, kampuni ni kampuni na alama ni alama.

Kwa nini tulisimama hapo kabla ya kuchapa chochote? Pakiti za plastiki za kuuzia chai zile za rola huwa zinachapwa kwa silinda, na kila rangi ina silinda yake. Dizaini ya rangi tano ni silinda tano, unalipia zote mwanzoni na kiwanda kinakutaka uchukue kilo nyingi za rola kwa mkupuo. Jina likibadilika baada ya hapo silinda zile ni vyuma tu na rola ni takataka. Mtaji wa wafungashaji wadogo mara nyingi unafia hapo, kwenye jina lililobadilishwa baada ya rola kufika stoo, wala sio kwenye chai.

Turudi kwenye jina lao. "Chai Asili ya Rungwe" lina maneno matatu ya maana na hakuna hata moja ambalo mtu mmoja anaweza kulimiliki kwenye pakiti ya chai. Chai ni jina la bidhaa yenyewe. Asili ni sifa, na kila mwenye chai atasema yake ni ya asili. Rungwe ni mahali, na chai kweli inatoka Rungwe, ndo maana tatizo linakuwa kubwa zaidi badala ya kupungua, maana wilaya nzima ina wakulima wa chai na viwanda na huwezi kumkataza jirani yako kuandika mahali chai yake ilipolimwa. Mkaguzi wa alama akikutana na jina kama hilo ana njia mbili, ama analikataa ama anakubali kwa sharti kwamba huna haki ya peke yako juu ya maneno hayo, unabaki na mchoro tu. Sasa mchoro wa jani na mlima nani hana.

Mama akauliza swali zuri sana, mbona Chai Bora wapo na bora ni sifa tu? Ndio mama, lakini wale wamekaa sokoni miaka na miaka hadi mtu akisikia Chai Bora hafikirii chai yoyote iliyo bora, anaiona pakiti ile. Neno la sifa linaweza kugeuka jina kwa kukaa, tena kukaa kwa gharama kubwa ya matangazo. Anayeanza leo na pakiti ya gramu 50 hana miaka hiyo ya kusubiri. Ukitaka mfano wa kujifunzia mimi ningekuelekeza Kenya, Ketepa, ambao wapo tangu 1977. Ni kifupi tu cha Kenya Tea Packers, lakini angalia kilivyokaa mdomoni, ke-te-pa, silabi tatu, kila moja inaishia na irabu, hakuna anayeikosea kuanzia Mombasa hadi Busia, na neno lenyewe halimaanishi kitu kingine chochote kwa hiyo ni lao.

Basi tukakaa na karatasi. Nikawaomba walete majina wanayoyapenda wao, mimi nisilete hata moja kwanza, maana jina analolitunga mtu wa nje, mwenye biashara huwa hana nguvu ya kulitetea mbele ya wateja. Yakaja mengi, nitaeleza yale yaliyotufundisha kitu.

La kwanza lilikuwa Ngozi. Kwa mtu wa Tukuyu hili ni jina zuri mno, Ziwa Ngozi lile la kwenye kreta ndo fahari ya kule, picha yake ingependeza hata kwenye pakiti. Lakini mtu wa Dodoma hajawahi kusikia ziwa hilo, yeye akisoma "Chai Ngozi" anaona ngozi ya ng'ombe au anadhani ni dawa ya ngozi, chai ya kusafisha chunusi. Tukalitoa hapohapo. Majina ya kwetu yana tabia hiyo, yanabeba picha ukiwa nyumbani na yanabeba picha nyingine kabisa ukivuka mkoa.

Likaja Ukungu. Kijana alilipenda sana hili na nilimwelewa, mashamba ya kule asubuhi yamefunikwa na ukungu na chai inapenda hali hiyo, jina fupi, u-ku-ngu, halina herufi ngumu. Lakini ukungu ndo hilohilo linaloota kwenye mkate uliolala. Kwenye gari au kwenye nguo lisingekuwa na shida, kwenye kitu cha kunywa tena kikavu ambacho adui yake mkubwa ni unyevu, hapana. Fikiria mteja mmoja amefungua pakiti iliyoloa dukani akakuta kweli imeota ukungu, akapiga picha akaweka mtandaoni pakiti yenye jina hilo. Hakuna tangazo la kufuta hiyo. Umande nao ukafuata njia hiyohiyo kwa sababu nyingine, watu wa Tanzania wanasema fulani alikimbia umande wakimaanisha hakusoma, na vijana wawili wa kwanza tuliowatajia jina wote wakatoa utani huo kabla hata ya kuuliza ni bidhaa gani. Utani wa kwanza ukija haraka hivo ujue ndo utakaokuja kila siku.

Ndaga sasa. Mama alikuja nalo na sauti yake ilibadilika kabisa alipolitaja, ndaga kwa Kinyakyusa ni asante, ndaga fijo asante sana. Silabi mbili tu, halina l wala r, lina joto, lina kwao, na kwa chai inayokaribisha wageni linafaa. Kwa maoni yangu lilikuwa jina bora kuliko yote kwenye karatasi ile na nililipigania. Lililoliangusha ni duka.

Niseme tunavyojaribu majina, maana watu wengi wanakaa sebuleni wanaulizana "unalionaje?" na kila mtu anajibu zuri. Jina la chai halisomwi kwanza, linatamkwa. Mteja mkubwa wa pakiti ya gramu 50 ni mtu anayesimama nje ya duka la Mangi, kuna nondo katikati, kuna redio inaimba ndani, bodaboda inapita nyuma yake, na mara nyingi ni mtoto ametumwa. Kwa hiyo jaribio la kwanza ni kumtuma mtoto. Unamwambia mara moja tu, bila karatasi, nenda kamwambie Mangi akupe chai fulani, na mwenye duka umeshaongea naye pembeni akuandikie alichosikia, sio alichodhani. Jaribio la pili ni simu, unampigia mtu aliye barabarani, unamwambia jina, unamwomba akuandikie kwa meseji kama alivyolisikia. La tatu ni la kumbukumbu, unamtajia mtu majina matano katikati ya maongezi, unamuacha, baada ya siku mbili tatu unamuuliza yapi anayakumbuka bila kumsaidia hata herufi.

Hakikisha watu hao hawatoki sehemu moja. Tulichukua wa Mbeya, wa Dodoma, wa Mwanza, wa Tanga na wa Unguja, maana kila sehemu ina ulimi wake. Kuna sehemu l na r zinabadilishana kabisa, na Rungwe yenyewe wenyeji wengi wanaitamka Lungwe, kwa hiyo jina lenye l na r pamoja limeshaharibika kabla hujaanza. Th na dh sehemu nyingi zinakuwa s na z. Gh inakuwa g. Konsonanti mbili zilizogusana bila irabu katikati, kama lf au st, watu wanaziwekea irabu yao wenyewe. Sisemi kwamba matamshi hayo ni makosa, ndo Kiswahili kinavyosemwa na jina ndo linatakiwa kukifuata. Hasara inakuja kwenye maandishi, maana mwenye duka anaandika oda kwenye daftari kama anavyotamka, na mteja anatafuta Instagram kama anavyotamka, na kama jina lina njia nne za kuandikwa basi wewe una robo ya jina.

Ndaga kwa watu wa Mbeya ilipita bila kukosea. Dodoma na Tanga wenye maduka wakaandika "daga", mmoja akaandika "dagaa", na kwenye simu ikawa hivohivo, ile n ya mwanzo inamezwa na kelele. Chai Dagaa. Kijana akasema tutawafundisha watu kulitamka, na hapo ikabidi tuongee kwa uwazi, kufundisha nchi nzima kutamka herufi moja ni kazi ya kampuni yenye bajeti ya redio, na hata ukiwa nayo hela hiyo ungeitumia kuonjesha watu chai. Mama alinyamaza kidogo akasema basi ndaga tutaliandika nyuma ya pakiti, kwenye shukrani. Nikaona ni uamuzi mzuri, neno limebaki nyumbani kwake bila kubebeshwa kazi ya kuuza.

Yakabaki mawili yenye nguvu, Alfajiri na Sinia.

Alfajiri kwenye kumbukumbu liliongoza, karibu kila mtu alilikumbuka baada ya siku kadhaa na walilihusisha na chai wenyewe bila kuambiwa. Kwenye maandishi likaanza kuyumba, tukapata alfajiri, alfajir, alufajiri, arfajiri, hiyo lf ilifanya kazi yake na r ya mwisho ikaongezea. Bado lingeweza kuishi, neno likiwa linajulikana sana watu wanalitambua hata likiandikwa vibaya. Kilichoamua ni rejista ya alama, nitafika huko.

Sinia lilikuja kwa bahati, mama alikuwa anaeleza chai inavyopelekwa kwa wageni, thamosi na vikombe na sinia, kijana akaliandika pembeni. Si-ni-a. Silabi tatu, irabu kila mwisho, hakuna l hakuna r, mkazo unaangukia silabi ya pili kama Kiswahili kinavyotaka. Mtoto aliyetumwa alilifikisha salama, kwenye simu wote waliliandika sawa isipokuwa mmoja aliyeweka "siniya", na huyo akitafuta mtandaoni bado atafika karibu. Kwenye kumbukumbu lilikuwa la pili baada ya Alfajiri. Tena lina kitu cha kuchora, na hili watu wanalisahau, mteja asiyesoma vizuri anaomba pakiti kwa picha, "ile yenye sinia", kwa hiyo picha na jina vikiwa kitu kimoja unapata mteja mara mbili.

Tulilichokonoa pia kwa ubaya wake. Mkulima mmoja alisema linamkumbusha kusinyaa, na kweli jani la chai lililosinyaa dukani sio sifa, ila kwenye majaribio ya sauti hakuna aliyelichanganya, maana sinyaa linavutwa mwishoni na sinia halivutwi. Tukajiuliza mtu akiomba "nipe Sinia" si atapewa sinia la pilau? Duka la mtaani haliuzi masinia kwa kawaida, na mtu anaomba kwa bei, "nipe Sinia ya mia mbili", hiyo ya na hiyo mia mbili zinamaliza utata wote. Kwenye pakiti tukaamua liandikwe Chai Sinia, maneno mawili, kubwa likiwa Sinia. Kuna kingine tulichokiangalia hapa ambacho ni cha chai peke yake, mtaani siku hizi neno chai linamaanisha pia uongo, mtu akitunga stori anaambiwa hiyo chai, na linamaanisha rushwa tangu zamani. Kwa hiyo msemo wa kwenye tangazo usiweke neno kweli, ukweli au halali karibu na neno chai, maana unaamsha maana ambayo ilikuwa imelala. Kijana alikuwa na "chai ya ukweli" kwenye rasimu yake, tukaitoa.

Sasa upekuzi wa kujua kama jina liko wazi, na huu una hatua zake.

Tulianza na soko kabla ya kompyuta. Tukapita Mwanjelwa na Kariakoo, mashelfu ya supamaketi na vibanda vya jumla, tunapiga picha kila pakiti ya chai, kahawa, kakao, tangawizi na viungo. Sababu ni kwamba kuna watu wanauza jina miaka mingi bila kulisajili popote, huwaoni kwenye rejista yoyote, lakini wanaweza kukudai mahakamani kwamba unajipatia wateja kwa sura yao. Halafu hata wasipodai, mteja atawachanganya tu. Tukaangalia pia Instagram, TikTok na Facebook, kwa kuandika jina kama linavyoandikwa na kama linavyokosewa. Domeini za .co.tz ni rahisi kuziangalia na hazikutusumbua, chaisinia inatosha, hakuna haja ya kugombania neno fupi peke yake.

Halafu ORS. Kwenye majina ya biashara na kampuni unatafuta mwenyewe, na kwa Sinia tulikuta majina ya watu wa vyakula, mapishi ya shughuli na mambo kama hayo. Kijana alishtuka, akaona limeshachukuliwa. Hapa inabidi kuelewa klasi. Alama ya biashara inasajiliwa kwa aina ya bidhaa, kwa mpangilio wa kimataifa wa Nice wenye klasi 45. Chai iko klasi ya 30 pamoja na kahawa, sukari, unga, mchele na viungo. Huduma ya mgahawa na mapishi iko klasi ya 43. Vyombo vya nyumbani, masinia yakiwemo, viko klasi ya 21. Neno sinia kwenye klasi ya 21 huwezi kulimiliki kabisa, ndo jina la kitu chenyewe, ni sawa na kujaribu kumiliki neno chai kwenye chai. Kwenye klasi ya 30 neno hilohilo ni la kubuni, halielezi chai ina ladha gani wala imetoka wapi, na ndo linapata nguvu. Ukielewa hili tu utaacha kuhangaika na majina ya sifa.

Ila klasi sio ukuta wa zege. Mtu wa mgahawa mwenye jina linalojulikana anaweza kusema wateja watadhani chai ni yake, chakula na chai viko karibu. Ndo maana tuliangalia hao wa vyakula mmoja mmoja, wako wapi, wanauza nini kwenye pakiti, na hatukukuta anayeuza bidhaa ya rafu.

Kwa alama zenyewe tuliomba upekuzi rasmi BRELA kwa klasi ya 30, na hatukuomba neno moja. Mkaguzi analinganisha sauti, sura na maana, sio spelingi peke yake, kwa hiyo na wewe tafuta hivohivo. Tuliweka Sinia, Siniya, Senia, Sinya, hata Zinia, tukaongeza maneno ya maana iliyo karibu, na la Kiingereza la mtu mwenye cheo ambalo kwa ulimi wetu linasikika sinia vilevile. Kwa Alfajiri tulifanya hivohivo, na huko ndo tulikuta ombi ambalo lilikuwa bado halijakamilika, la jina lenye sauti iliyo karibu sana, klasi ya 30 ileile. Sitalitaja maana sio langu. Ombi ambalo halijakamilika lina uzito, kwa sababu likikubaliwa haki inahesabiwa kuanzia tarehe lilipopokelewa, kwa hiyo usiseme "hawajapata cheti bado". Alfajiri likatoka.

Tuliangalia pia kanzidata ya WIPO, shirika la kimataifa la haki miliki, inayokusanya alama za nchi nyingi, ni bure na iko mtandaoni. Inasaidia sana kuona majina yaliyosajiliwa kwa majirani, lakini usiifanye hukumu, ukikosa kitu pale haimaanishi jina liko wazi, maana sio kila rejista inaingia yote wala kwa wakati. Ukikuta kitu, hapo amini.

Matokeo ya Sinia kwenye klasi ya 30 yalikuwa safi kwa kiwango ambacho upekuzi unaweza kuonyesha. Nasema hivo kwa makusudi, kwa sababu upekuzi unakupa picha ya siku ile, kuna mtu anaweza kuwa amepeleka ombi jana. Kwa hiyo ukishapata majibu mazuri unapeleka ombi lako harakaharaka, usikae na jina mfukoni unasubiri logo ikamilike. Na hapa kuna ushauri mmoja ambao kijana alitaka kuukataa, tulipeleka neno SINIA kwa herufi za kawaida, nyeusi, bila mchoro. Yeye alitaka apeleke logo nzima yenye rangi. Ukisajili neno tupu unalilinda kwenye fonti yoyote na rangi yoyote utakayobadilisha baadaye, ukisajili logo yenye rangi ulinzi wako unaegemea ile sura, na logo za wafungashaji wadogo zinabadilika mara kwa mara. Kama hela ipo peleka vyote kama maombi mawili, kama haipo anza na neno.

Baada ya kupokelewa, ombi linakaguliwa, likikubaliwa linatangazwa kwenye jarida la alama la BRELA, na mtu mwenye pingamizi ana siku 60 tangu litangazwe. Likipita hapo unapata cheti, usajili wa kwanza unadumu miaka 7, ukihuisha unapata 10 kila mara. Kipindi chote kabla ya cheti usiweke ile alama ya R kwenye duara, ni kudai kitu ambacho huna.

Kuna mpaka ambao watu wa bara wanausahau, usajili huu ni wa Tanzania Bara peke yake. Zanzibar wana rejista yao na sheria yao, unapeleka BPRA, ombi jingine na ada nyingine. Kenya ni KIPI. Kwa mtu wa Tukuyu mpaka wa karibu ni Kasumulu kuingia Malawi, na pakiti zitavuka hata kama wewe hujapanga, wafanyabiashara wanabeba. Tukapanga hivi, Bara kwanza na Zanzibar pamoja, kwa sababu ndugu yao wa Unguja ameshaahidi kuchukua mzigo, Malawi ikianza kuonyesha oda za kweli ndo tunapeleka huko.

Pakiti zenyewe, hazijachapwa kwa silinda. Tuliwashauri wanunue pakiti tupu za rangi moja, za kusimama, wabandike stika, ambapo kila stika ina gharama kubwa kidogo kuliko pakiti iliyochapwa lakini ukibadilisha jina au maelezo hasara ni stika za wiki mbili. Kwenye stika jina la bidhaa lazima lisomeke lenyewe, majani ya chai, maana Sinia ni jina la pakiti na mkaguzi wa TBS anataka ajue ndani kuna nini, uzito, mpakiaji, tarehe, namba ya toleo. Mstari wa msimbo pau wanauchukua GS1 Tanzania, unaanza na 620, na namba ya kampuni iliyo ndani yake haibadiliki hata jina likibadilika ilimradi kampuni ni ileile, ila bidhaa yenye jina jipya inapewa namba yake mpya, kwa hiyo wapange namba zao vizuri.

Oda ya silinda itatoka siku 60 za jarida zikiisha bila pingamizi. Mpaka hapo wanauza kwa stika, na kila wiki kijana anapiga simu kwenye maduka yale ya majaribio anauliza swali moja tu, wateja wanaiombaje. Majibu ya mwezi wa kwanza yameleta kitu ambacho hatukukitegemea, wateja wengi hawasemi Chai Sinia, wanasema "majani ya Sinia", kwa hiyo stika za awamu ya pili zimeongezewa maneno majani ya chai yakiwa makubwa zaidi chini ya jina, na neno chai la mbele limepunguzwa.